Mpaka wa Mkonge

Recho Mwazembe alifika Vwawa mapema kuliko wenzake wote, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu wa Ihanda. Alivipangusa kwa majani nje ya ukumbi wa kituo cha mafunzo, akaingia, akakuta viti vinne vimeshapangwa kuzunguka meza moja ya mbao. Hiyo ndiyo ilikuwa meza ya mtihani.

Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, watu kumi na wawili walikuwa wakijifunza usuluhishi wa migogoro ya ardhi katika ukumbi huo. Wengine walikuwa wajumbe wa mabaraza ya kata, wengine walitaka kuwa wasaidizi wa kisheria. Recho alikuwa kwenye kundi la pili. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mama wa watoto watatu, mkulima wa kahawa, na alikuwa ameahidiwa nafasi ya mazoezi kwa vitendo katika ofisi ya msaada wa kisheria ya Tunduma. Nafasi hiyo ilikuwa na sharti moja tu: afaulu mtihani.

Mtihani wenyewe haukuwa wa kuandika. Kila mwanafunzi alipewa mgogoro wa kubuni, akakaa kiti cha msuluhishi, na wenzake wawili wakawa wahusika. Msuluhishi alipewa karatasi moja yenye maelezo ambayo kila mtu anayajua. Kila mhusika alipewa karatasi yake ya siri, yenye mambo anayoyajua yeye peke yake. Muda wote ulikuwa saa moja na dakika kumi na tano tu. Mwalimu Gwantwa, wakili aliyewafundisha tangu siku ya kwanza, alikaa pembeni na fomu ya alama.

"Nihesabuni kuwa ukuta," aliwaambia. "Nitawafuata hata kwenye kikao cha faragha, lakini sitasema neno. Nitainua tu kadi ya dakika zilizobaki. Wahusika, tumieni majina yenu wenyewe ili msichanganyikiwe. Usichokikuta kwenye karatasi, jibu kama ambavyo mtu wa namna hiyo angejibu."

Recho alipangiwa Fanueli Simbeye na Grace Silwimba. Fanueli alikuwa mzee wa miaka karibu sitini kutoka Chapwa, aliyefanya kazi ya kutoa mizigo mpakani Tunduma hadi alipostaafu, na sasa alikuwa mjumbe wa baraza la kata. Grace alikuwa muuza vitenge, mdogo kuliko Recho, mwepesi wa kuongea. Mgogoro wao ulikuwa huu: Grace ni mjane, shamba lake limepakana na la Fanueli. Mpaka ni mstari wa mkonge. Grace anadai mkonge umekula hatua nne za shamba lake. Fanueli anasema mkonge uko pale tangu enzi za baba yake, na kwenye hizo hatua nne ana mibuni kumi na minane inayozaa. Shauri limepelekwa kwenye baraza la kata.

Recho alianza vizuri. Aliwakaribisha, akajitambulisha, akawaeleza kazi yake.

"Mimi si hakimu," alisema. "Sitasema nani ana haki na nani hana. Zamani baraza la kata lilikuwa linaamua kesi kama hii. Siku hizi halina mamlaka hayo, linasuluhisha tu. Mkipatana, tutaandika mapatano yenu mtie sahihi. Msipopatana ndani ya siku thelathini, anayetaka anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuja hapa ni hiari yenu na kuondoka ni hiari yenu. Naweza kuongea na kila mmoja wenu faragha, na atakachoniambia huko kitabaki kwangu mpaka yeye mwenyewe aniruhusu kukitoa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Grace.

Fanueli alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mzee anayesubiri kuona mambo yatakwendaje.

Grace alizungumza kwanza kwa kuwa ndiye aliyelalamika. Alisema marehemu mumewe alikuwa akifanya kazi ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na aliporudi alikuta shamba limepungua. Alisema wakati ule hawakupeleka shauri popote kwa sababu mume alikuwa mtu wa haya. Fanueli alitaka kumkatiza mara mbili, na mara zote mbili Recho aliinua mkono kidogo.

"Zamu yako inakuja, Mzee Fanueli. Nitakusikiliza kama ninavyomsikiliza yeye."

Zamu yake ilipofika, Fanueli alisema maneno machache. Mkonge ni mkonge. Baba yake aliupanda. Mibuni ile aliipanda yeye mwenyewe, akaitilia mbolea ya samadi, akaikatia matawi kwa mikono yake. Kama mama huyu anataka kahawa, aseme anataka kahawa.

"Nikikusikia sawasawa," alisema Recho, "jambo kubwa kwako ni mibuni uliyoihangaikia, na pia heshima ya mpaka ulioachiwa na baba yako."

"Hasa heshima," alisema Fanueli.

Recho aliandika kwenye daftari mambo matatu ya kuzungumzwa: mpaka, mibuni, na namna ya kuishi kama majirani. Akawasomea, wakakubali. Kisha akaomba kikao cha faragha, kwanza na Grace.

Walikwenda kwenye chumba kidogo cha stoo, Mwalimu Gwantwa nyuma yao. Huko Grace alisema mambo ambayo hakuyasema mezani. Mwezi ujao wapimaji wanakuja kijijini kwa ajili ya hati za hakimiliki za kimila, na kila mwenye shamba atatakiwa kuonyesha mpaka wake mbele ya jirani zake. Anataka kumwandikia binti yake shamba hilo. Mpaka ukiingia kwenye hati ukiwa na makosa, binti atarithi makosa.

"Kahawa ile siitaki," alisema. "Aendelee kuivuna hata miaka miwili. Nataka ardhi isomeke ilivyo."

"Kati ya haya uliyoniambia, nimwambie lipi na nibaki na lipi?" aliuliza Recho.

Grace alifikiri. Akasema mambo ya wapimaji aambiwe, lakini la kahawa asiambiwe kwanza. Recho aliandika hivyo hivyo.

Kisha ikawa zamu ya Fanueli. Mzee aliingia stoo, akakaa juu ya gunia la vitabu vya zamani, akanyamaza muda mrefu. Recho hakumharakisha. Tulifundishwa kunyamaza, alijikumbusha.

"Binti," Fanueli alisema mwishowe, "baba yangu alikuwa mzee wa kanisa miaka ishirini na mbili. Siku tatu kabla hajafa aliniita. Akawafukuza wengine wote nje, hata mama. Akasema, ule mkonge mimi niliusogeza. Yule bwana alikuwa Nakonde, mke wake alikuwa amekwenda kujifungua kwao, nikaung'oa nikaupanda upya. Akaniambia nione cha kufanya. Halafu akafa, mimi sijafanya chochote."

Recho alijua kwamba karatasi ya siri ya Fanueli isingekuwa na maneno mengi hivyo. Lakini mzee alikuwa akiyasema kama mtu anayeyatoa tumboni, na Recho alijikuta amesahau kwamba ni mtihani.

"Ulijisikiaje aliposema?"

"Nilimkasirikia. Mtu anakufa, nawe unamkasirikia. Sasa nikienda kusema mbele za watu kwamba baba yangu alikuwa mwizi wa ardhi, nitakuwa nimemfanya nini? Na nisiposema, wapimaji wanakuja, nitaonyesha mpaka wa uongo na kutia sahihi."

Waliendelea hivyo. Fanueli alisema angekuwa tayari kurudisha zile hatua nne, ili mradi isijulikane kwa nini. Recho aliuliza, akasikiliza, akauliza tena. Alipogeuka aliona Mwalimu Gwantwa ameinua kadi, na kadi ilisema dakika ishirini. Alishtuka. Bado alikuwa na mazungumzo ya pamoja na kuandika mapatano. Akafunga daftari, akamshukuru Fanueli, akafungua mlango.

Walikaa tena mezani. Recho alihisi yuko karibu kufika. Mmoja anataka mpaka usomeke sawa, mwingine yuko tayari kuurudisha. Kilichobaki ni wao wenyewe kulisema hilo.

"Tuanze na lile la kwanza, mpaka," alisema. "Dada Grace ameniruhusu niseme kwamba wapimaji wanakuja mwezi ujao, na hilo linawahusu nyote wawili. Sasa, tangu mkonge uhamishwe, kila mmoja wenu amekuwa akitumia..."

Grace aliinua uso.

"Uhamishwe? Nani kauhamisha?"

Recho alisikia masikio yake yakiwaka. Alikuwa amekusudia kusema tangu mkonge uwepo pale. Neno lilikuwa limetoka lenyewe, na halikuweza kurudi. Fanueli alikuwa akitazama meza. Mwalimu Gwantwa aliandika kitu, kifupi.

Kulikuwa na njia rahisi. Angeweza kusema samahani, nimeteleza ulimi, hakuna aliyehamisha kitu. Lakini huo ungekuwa uongo, na ambaye angeambiwa ni mtu aliyeibiwa kweli. Angeweza pia kukiri hapo hapo, na kwa kukiri angekuwa amemalizia kuitoa siri ya mzee. Alikaa na njia hizo mbili kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu, ingawa baadaye Grace alimwambia hazikupita hata sekunde kumi.

"Dada Grace, swali lako nimelisikia," alisema. "Sitalijibu mimi. Naomba tusimame dakika tano, nizungumze na Mzee Fanueli."

"Lakini umesema..."

"Najua nilichosema. Nakuomba dakika tano."

Stoo, Fanueli hakukaa.

"Nimetoa neno ambalo sikupaswa kulitoa," alisema Recho. "Sikukusudia, lakini nimelitoa. Kosa ni langu, si lako."

Fanueli alimtazama, kisha akamtazama Mwalimu Gwantwa, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akiangalia fomu yake.

"Kwenye karatasi yangu hakuna maelekezo ya siri ikivuja," alisema Fanueli.

Mwalimu hakusema neno. Mzee akaelewa. Akarudi kuwa mtoto wa mzee wa kanisa.

"Nilikuamini," alimwambia Recho. "Uliniambia kitabaki kwako."

"Niliahidi hivyo. Sikutimiza. Unaweza kuondoka sasa, usuluhishi ukaishia hapa, na hakuna atakayekulazimisha. Unaweza kudai msuluhishi mwingine. Au turudi, nimwambie Grace kwamba neno lile nimekosea mimi kulisema na siwezi kulizungumzia, halafu wewe ndiye uamue kama utasema chochote ama la. Sitakusukuma."

Fanueli alishika kitasa cha mlango, akakiachia.

"Nitasema mwenyewe," alisema. "Nikikaa kimya sasa, atakwenda na neno lako na ataliongezea yake."

Walirudi. Recho alimwambia Grace kwamba alikuwa ametumia neno ambalo hakuwa na ruhusa ya kulitumia, na kwamba aliyeumizwa nalo ni Mzee Fanueli. Kisha mzee alisimulia. Safari hii hakusimulia kwa urefu. Baba yangu aliusogeza, aliniambia akiwa kitandani, nami nimekaa nalo.

 Grace aliiweka chini kalamu aliyokuwa akiichezea.

"Mume wangu alikufa akiamini alipima vibaya yeye," alisema. "Alikuwa anasema, mke wangu, mimi sijui hata shamba langu linaishia wapi."

Hakuna karatasi iliyokuwa na maneno hayo pia. Recho aliyaacha yakae, akahesabu moyoni mpaka kumi.

"Mngependa mpaka huu usomekeje wapimaji watakapofika?" aliuliza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mkonge utarudishwa hatua nne, wote wawili wakiwepo. Grace mwenyewe alitoa lile la kahawa: Fanueli avune mibuni ile misimu miwili, kisha iwe ya mwenye ardhi. Siku ya upimaji watasimama pamoja na kuonyesha mstari mmoja. Sababu ya mkonge kurudishwa haitaandikwa. Recho aliandika mapatano kwa maneno yao, akayasoma kwa sauti, akauliza kama kuna neno wasilolielewa, wakatia sahihi. Mwalimu Gwantwa aliinua kadi ya sifuri wakati Grace akimaliza kuandika jina lake.

Recho alikuwa ametoka jasho mgongoni, lakini alikuwa na karatasi yenye sahihi mbili mkononi.

"Jisahihishe mwenyewe kwanza," alisema Mwalimu Gwantwa, akisogeza kiti chake mezani.

Recho alisema utangulizi ulikwenda vizuri, kusikiliza kulikwenda vizuri, na kwamba alikosea neno moja akalirekebisha.

"Kosa lilianzia wapi?"

"Niliposema uhamishwe."

"Hapana. Lilianzia mlangoni mwa stoo. Kwa Grace uliuliza, nimwambie lipi na nibaki na lipi. Kwa Fanueli hukuuliza. Uliona kadi ukafunga daftari. Ukiuliza, unalazimika kuandika, na ukishaandika kwamba jambo hili ni la kubaki nalo, ulimi unakuwa na uzio. Wewe ulitoka na mzigo ambao hukuufunga."

Recho alitazama daftari lake. Ilikuwa kweli.

"Ulivyolishughulikia baada ya kukosea, nimekupa alama zote," aliendelea Mwalimu. "Hukudanganya, hukumsukuma mzee, ulimpa njia tatu. Wengi wangesema nimeteleza ulimi. Lakini kutunza siri ni kipengele cha lazima. Ukianguka katika hicho, unarudia mtihani hata kama vingine vyote una mia."

"Lakini wamepatana, Mwalimu," alisema Recho. Aliinua ile karatasi bila kujua kwamba anaiinua. "Wametia sahihi."

"Nimeona."

"Sasa mtu akirudia baada ya watu kupatana, anarudia nini?"

 Mwalimu Gwantwa aliandika tarehe ya marudio, wiki tatu mbele, akamgeuzia fomu.

"Kijijini mtu akikupa siri ya baba yake ikakutoka, hatarudi kukupa ya pili, na jirani zake hawatakuja kabisa. Tia sahihi hapa kwamba umesomewa."

Recho alitia sahihi. Tarehe ya marudio ilikuwa baada ya wiki ya kuanza mazoezi Tunduma, na yeye alijua hilo bila mtu kumwambia.

Mchana walikula wali na maharage kwenye kibaraza cha nyuma ya ukumbi. Recho alikaa peke yake ukingoni. Fanueli alimfuata na sahani yake, akakaa kwa kujishikilia goti.

"Umekasirika," alisema.

"Kidogo, mzee. Nilidhani nimeyaokoa mambo."

Fanueli alitafuna, akameza.

"Nikwambie jambo, usiniwekee kinyongo. Mimi pale ningeondoka."

Recho aligeuka.

"Uliposema lile neno, kama ningekuwa kweli huyo mtu, na baba yangu ndiye huyo, ningeondoka na nisingekanyaga baraza lile tena. Hata pale stoo nilishika kitasa, uliniona. Nilibaki kwa sababu nilijua unahitaji kufaulu. Nikasema huyu ana watoto, ngoja nimsaidie."

Recho aliiangalia sahani yake. Maharage yalikuwa yameanza kupoa na kufanya ngozi juu.

"Kwa hiyo yale mapatano yalikuwa zawadi," alisema.

"Yalikuwa zawadi. Samahani."

Hakumwekea kinyongo. Alichohisi ni aibu, lakini aibu ya namna nyingine, si ile ya kushindwa mbele za watu. Alikuwa ameinua karatasi ile mbele ya Mwalimu kama shahidi wake, kumbe shahidi alikuwa amehurumiwa tu. Alimaliza chakula, akaosha sahani yake na ya mzee.

Jumatatu alipiga simu ofisi ya Tunduma, akaeleza kwamba hajafaulu na kwa nini. Msichana wa mapokezi alimwambia nafasi atapewa mwingine, lakini kuna kundi jingine litaanza mwezi wa tisa, aandike barua. Akaandika, akaacha wazi nafasi ya namba ya cheti, akaitunza mpaka marudio.

Kwa wiki tatu alifanya mazoezi na mumewe, Nathanaeli, jioni baada ya kutoka shambani. Nathanaeli hakuwa mwigizaji. Kila alipopewa siri aliisema yote kwa pamoja, kisha akauliza kama wanaweza kula. Lakini kila mara, kabla hajamruhusu kusimama, Recho alimuuliza lile swali na kuliandika jibu.

Siku ya marudio alipewa mgogoro wa viwanja viwili vya mjini, ukuta uliojengwa juu ya alama ya mpaka na maji ya paa yanayomwagikia upande wa pili. Wahusika walikuwa Ipyana na Osea, wanafunzi wa kundi jipya ambao hakuwahi kuwaona, na hawakuwa na sababu ya kumhurumia. Ipyana alikuwa mkali. Faraghani aliungama kwamba ukuta aliujenga bila kibali cha ujenzi, na Recho alipouliza nini kisemwe, alijibu, "Hata kimoja." Recho aliandika hivyo na kulizungushia jibu hilo mstari.

Alijaribu kila alichofundishwa. Aliuliza maswali ya wazi, akageuza matusi kuwa mahitaji, akawataka kila mmoja ataje njia tatu anazoweza kuishi nazo. Osea alikubali maji yaelekezwe mtaroni. Ipyana alikataa kuugusa ukuta hata tofali moja, na hakusema kwa nini. Recho alijua kwa nini. Osea alimuuliza moja kwa moja, "Alikwambia nini kule ndani?"

"Aliyoniambia ni yake," alisema Recho. "Kama uliyoniambia wewe yalivyo yako."

Dakika zilikwisha. Recho aliwashukuru, akaandika kwamba usuluhishi umefanyika siku hiyo na wahusika hawakupatana, na kwamba kila mmoja ameelezwa haki yake ya kwenda Baraza la Wilaya. Hakuandika nani alikataa nini. Aliikabidhi karatasi kwa Mwalimu Gwantwa akiwa na uhakika kwamba ameanguka tena.

Mwalimu alijaza fomu kwa dakika kadhaa, akajumlisha, akatia sahihi chini.

"Umefaulu," alisema.

"Hawakupatana, Mwalimu."

"Soma fomu. Nionyeshe kipengele kinachosema wapatane."

Recho aliisoma tangu juu hadi chini, akarudia. Kisha akaomba kalamu ili aandike namba ya cheti, iliyokuwa chini ya fomu, kwenye barua yake ya Tunduma.